Mapato Kamili ya Mwaka Wenye Mauzo ya Hisa na Bondi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutokana na kazi ya kuandaa hesabu za mwaka za kampuni ndogo na za kati za Kisumu na viunga vyake. Hushughulikia jambo moja tu: uwekezaji unaopimwa kwa thamani ya haki, yaani bei ambayo ungeuzwa sokoni siku ya kupima, ambao mabadiliko yake ya thamani hupitishwa kwenye mapato mengineyo kamili, kisha ukauzwa. Majibu yanafuata viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu: IFRS 9, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, na IAS 1 kwa upande wa uwasilishaji. Mfano mmoja umetumika mwanzo hadi mwisho. Kampuni yenyewe ni ya kubuni, na bei zake zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi kufuata. Si bei za soko za mwaka wowote.

Mapato mengineyo kamili ni nini, na yanatofautianaje na faida?

Taarifa ya mapato kamili ina sehemu mbili. Ya kwanza ni faida au hasara: mauzo, gharama, riba, kodi, na yote ambayo mwenye biashara huyatarajia anapouliza, "Mwaka huu tumepata ngapi?" Ya pili ni mapato mengineyo kamili, ambamo huwekwa ongezeko au upungufu wa mali ambao viwango vimeagiza au kuruhusu usipitie kwenye faida. Jumla ya sehemu hizo mbili ndiyo mapato kamili ya mwaka. Kilichowekwa katika sehemu ya pili hakipotei mwaka unapofungwa, kwa maana kinalimbikizwa katika mtaji wa wenye kampuni, kwenye akaunti ambayo hapa tutaiita akiba ya thamani ya haki.

Kampuni ya mfano ina uwekezaji gani?

Ni kampuni ya familia inayokoboa mpunga Ahero, na vitabu vyake vinatunzwa Kisumu. Katika mwaka wa kwanza ilinunua vitu viwili.

Cha kwanza ni hisa 10,000 za kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kwa shilingi 20 kila moja. Dalali wa hisa alitoza shilingi 4,000. Familia ilikusudia kuzishikilia kwa muda mrefu, na siku ya kununua ikaandika uamuzi kwamba mabadiliko ya bei yake yatapitia mapato mengineyo kamili.

Cha pili ni bondi ya serikali ya shilingi 1,000,000, iliyonunuliwa mwanzoni mwa mwaka kwa thamani yake ya usoni, yenye riba ya asilimia 13 kwa mwaka inayolipwa mara mbili. Mkobozi wa mpunga huwa na pesa nyingi akishauza mchele, na huishiwa wakulima wanapoleta mavuno mapya. Bondi ilinunuliwa ili izae riba pesa zinapokuwa hazina kazi, na iuzwe mpunga ukihitaji kulipiwa.

Hisa na bondi ziko katika kundi lenye jina moja. Kwa nini hazifuati kanuni moja?

Hapa ndipo makosa mengi huzaliwa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Bondi haikuingia katika kundi hili kwa kuchaguliwa. Iliingia kwa sababu mbili ambazo mkaguzi anaweza kuzithibitisha: malipo yake ni ya deni lenyewe na riba tu, na kampuni inaishikilia kwa lengo la kupokea riba na pia kuuza. Kama familia ingeishikilia hadi iive, bila nia ya kuiuza, ingepimwa kwa gharama iliyorekebishwa, na bei ya soko isingegusa vitabu. Kwa bondi ya kundi hili, mapato mengineyo kamili ni chumba cha kusubiria. Mabadiliko ya bei husubiri humo hadi bondi iuzwe, na siku ya mauzo jumla yake huhamishiwa kwenye faida au hasara.

Hisa ni tofauti. Kwa kawaida mabadiliko ya bei ya hisa huenda moja kwa moja kwenye faida au hasara. IFRS 9 inamruhusu mwenye hisa, ikiwa hakuzinunua kwa ajili ya kuchuuza, kuchagua siku ya kwanza kwamba mabadiliko hayo yaende kwenye mapato mengineyo kamili. Chaguo hilo halitenguliwi, nalo lina bei yake: faida ya bei ya hisa hizo haitaingia kamwe kwenye faida au hasara, hata zikiuzwa kwa pesa taslimu na pesa zikaonekana benki. Mlango wa kuingilia ni ule ule wa bondi, ila wa kutokea haupo.

Mwaka wa kwanza uliandikwaje?

Hisa ziliingizwa vitabuni kwa shilingi 204,000, yaani 200,000 za hisa pamoja na 4,000 za dalali, kwa kuwa gharama ya kununua huongezwa kwenye thamani ya mwanzo katika kundi hili. Kila hisa basi ilisimama kwa 20.40. Siku ya kufunga mwaka bei sokoni ilikuwa 25.40, hivyo thamani ikawa 254,000, na ongezeko la 50,000 likaandikwa kwenye mapato mengineyo kamili.

Bei inayotumika ni ya siku ya kufunga mwaka, si wastani wa mwezi, wala haipunguzwi kwa makadirio ya ada ya kuuza. Nimewahi kuona karatasi ya hesabu ambamo asilimia mbili ilikuwa imekatwa "kwa ajili ya dalali," na mkaguzi akairudisha siku ile ile.

Bondi ilishuka hadi 960,000, na upungufu wa 40,000 ukaandikwa kwenye mapato mengineyo kamili pia. Riba ya 130,000 iliingia kwenye faida kama kawaida. Bei ya bondi hushuka viwango vya riba sokoni vinapopanda, kwa sababu mnunuzi wa leo hatalipa bei kamili kwa riba ya asilimia 13 ilhali bondi mpya zinalipa zaidi. Viwango vikishuka, bei hupanda, kama ilivyoanza kuonekana nchini baada ya Benki Kuu ya Kenya kupunguza kiwango chake kutoka asilimia 13 hadi 12.75 mwezi Agosti 2024.

Mwisho wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo, akiba ya thamani ya haki ilikuwa na 50,000 za hisa na hasi 40,000 za bondi. Ni vyema kuziweka katika akaunti mbili. Anayeziunganisha akaandika 10,000 tu atahangaika mwaka wa pili.

Katika mwaka wa pili hisa 6,000 ziliuzwa kwa shilingi 28. Tunaanzia wapi?

Anzia siku ya mauzo, si mwisho wa mwaka. Kabla ya kuziondoa, hisa zinazouzwa hupimwa upya hadi bei ya siku hiyo. Vitabuni zilikuwa 6,000 mara 25.40, yaani 152,400. Bei ya kuuzia ni 168,000. Tofauti ya 15,600 huenda kwenye mapato mengineyo kamili ya mwaka wa pili. Baada ya hapo hisa zinasimama kwa 168,000, pesa zinazoingia ni 168,000, na kuziondoa vitabuni hakuzai faida wala hasara yoyote.

Hisa 4,000 zilizobaki zilifunga mwaka kwa bei ya 24, chini ya ile 25.40 ya mwaka uliotangulia. Upungufu ni 1.40 kwa kila hisa, yaani 5,600, nao pia ni wa mapato mengineyo kamili. Kwa hiyo hisa zote kwa mwaka wa pili zimeleta 15,600 kutoa 5,600, yaani 10,000.

Mkurugenzi anasema aliuza hisa kwa faida ya 45,600. Mbona haionekani kwenye faida?

Hili huulizwa kila mwaka. Mkurugenzi mmoja, mzee aliyekuja ofisini na karatasi ya dalali mkononi, aliweka kidole juu ya bei ya kuuzia akasema, "Mwanangu, hizi pesa nimezipokea. Wewe umezificha wapi?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa.

Katika mfano wetu hesabu ya mkurugenzi ni sahihi: hisa 6,000 zilimgharimu 122,400 na akaziuza 168,000, tofauti ikiwa 45,600. Lakini 30,000 kati ya hizo zilikwisha kuripotiwa katika mapato kamili ya mwaka wa kwanza, hisa zilipopanda kutoka 20.40 hadi 25.40. Zilizobaki 15,600 zimeripotiwa mwaka huu. Kuzipeleka 45,600 kwenye faida kungekuwa kuzihesabu mara mbili na, juu ya hayo, kuvunja chaguo ambalo kampuni yenyewe ilifanya siku ya kununua.

Kinachoruhusiwa ni kuhamisha 45,600 kutoka akiba ya thamani ya haki kwenda faida iliyolimbikizwa. Uhamisho huo ni wa ndani ya mtaji: huonekana kwenye taarifa ya mabadiliko ya mtaji peke yake, na haugusi taarifa ya mapato kamili hata kidogo. Kiwango hakilazimishi uhamisho huu, ila ni busara kuufanya, kwani bila huo akiba itaendelea kubeba faida ya hisa ambazo kampuni haina tena. Nilimweleza mzee kwamba pesa zake hazikufichwa, zimebadilishwa mfuko tu, naye akataka aonyeshwe mfuko wenyewe kwenye karatasi. Alionyeshwa mstari huo mmoja, akatosheka.

Bondi iliuzwa mwishoni mwa Juni kwa 1,020,000. Nayo inaandikwaje?

Iliuzwa mara tu baada ya riba ya nusu mwaka, shilingi 65,000, kulipwa, kwa hiyo hakuna riba iliyochanganyika na bei. Ikiwa bondi itauzwa katikati ya vipindi viwili vya riba, sehemu ya pesa inayolipwa na mnunuzi ni riba iliyokwisha kuzaliwa, na sharti itengwe kwanza iende kwenye riba. Vinginevyo faida ya mauzo itavimba.

Hatua ya kwanza ni kupima hadi bei ya mauzo, kama tulivyofanya kwa hisa. Kutoka 960,000 hadi 1,020,000 ni ongezeko la 60,000 kwenye mapato mengineyo kamili. Akiba ya bondi sasa ni hasi 40,000 ya mwaka jana jumlisha 60,000 ya mwaka huu, yaani 20,000.

Hatua ya pili ndiyo isiyokuwepo kwa hisa. Zile 20,000 huondolewa kwenye mapato mengineyo kamili, zikionyeshwa kama hasi, na kuingizwa kwenye faida au hasara. Akiba ya bondi inabaki sifuri, na faida ya mauzo ni 20,000, sawasawa na tofauti kati ya bei ya kuuzia na ya kununulia. Wengine hustaajabu kuona mwaka ambao bondi ilipanda kwa 60,000 ukionyesha faida ya 20,000 tu. Sababu ni kwamba 40,000 kati ya ongezeko hilo zilifidia tu upungufu wa mwaka uliopita, ambao nao haukuwahi kupunguza faida.

Taarifa ya mwaka wa pili inaonekanaje?

Tuchukulie kwamba biashara ya kukoboa, baada ya gharama zote na kodi yake, ilileta 1,400,000, kwamba hisa zilileta mgao wa 8,000, na kwamba dalali alitoza 3,000 kwa kuuza hisa.

| | Shilingi |
|---|---|
| Matokeo ya biashara ya mpunga | 1,400,000 |
| Mgao wa faida kutoka kwa hisa | 8,000 |
| Riba ya bondi | 65,000 |
| Faida ya kuuza bondi | 20,000 |
| Ada ya dalali | (3,000) |
| Faida ya mwaka | 1,490,000 |
| *Yasiyohamishiwa kwenye faida baadaye:* | |
| Mabadiliko ya thamani ya hisa | 10,000 |
| *Yanayoweza kuhamishiwa kwenye faida:* | |
| Ongezeko la thamani ya bondi | 60,000 |
| Kilichohamishiwa kwenye faida bondi ilipouzwa | (20,000) |
| Mapato mengineyo kamili | 50,000 |
| Mapato kamili ya mwaka | 1,540,000 |

Vichwa viwili katika sehemu ya chini si mapambo. IAS 1 inadai mgawanyo huo ili msomaji ajue ni kiasi gani kinaweza kuja kuonekana kwenye faida siku moja na ni kipi hakitaonekana kamwe. Zile 45,600 hazimo popote katika jedwali hili, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Nitajuaje kama nimekosea?

Kuna majaribio mawili ambayo huyafanya kabla ya kutoa karatasi mkononi.

La kwanza ni la akiba. Baada ya uhamisho, akiba ya hisa lazima ilingane na hisa zilizobaki, mara tofauti kati ya bei ya leo na gharama ya mwanzo. Katika mfano, 50,000 jumlisha 10,000 kutoa 45,600 ni 14,400. Hisa 4,000 mara 3.60, ambayo ni 24 kutoa 20.40, nayo ni 14,400. Zikilingana, hesabu ya hisa imekaa sawa. Zisipolingana, tofauti yenyewe mara nyingi hukuambia kosa. Ukikuta 30,000 zimezidi, umehamisha faida ya mwaka huu peke yake, 15,600, ukasahau ya mwaka jana. Ukikuta 15,600 zimepungua, huenda uliziondoa hisa kwa bei ya mwaka jana bila kuzipima hadi siku ya mauzo, na ule mchango wa 15,600 umekwama kwenye akaunti nyingine, kwa kawaida kwenye "mapato mengine," ambako haustahili.

La pili ni la bondi. Chukua pesa zote zilizowahi kuingia kutokana na bondi, toa zilizowahi kutoka. Riba ya mwaka mmoja na nusu ni 195,000, na bei ya kuuzia inazidi ya kununulia kwa 20,000, jumla 215,000. Faida au hasara ya miaka miwili imepokea 130,000, kisha 65,000, kisha 20,000, ambazo nazo ni 215,000. Mapato mengineyo kamili ya bondi kwa miaka yote miwili ni hasi 40,000 kisha 40,000, yaani sifuri. Chumba cha kusubiria kimebaki kitupu.

Mgao wa faida wa hisa hizi nao unaenda kwenye mapato mengineyo kamili?

Hapana. Mgao huingia kwenye faida au hasara haki ya kuupokea inapothibitika, isipokuwa pale inapokuwa wazi kwamba mgao huo ni kurudishiwa sehemu ya pesa ulizonunulia hisa.

Ada ya dalali ya kununua iliongezwa kwenye hisa. Mbona ya kuuza imekuwa gharama?

Kampuni hii imechagua sera hiyo, kwa kuwa ada ya kuuza si sehemu ya thamani ya haki. Zipo kampuni zinazoipitisha kwenye mapato mengineyo kamili pamoja na mauzo yenyewe. La msingi ni sera iandikwe na isibadilike kila mwaka kwa kufuata upande unaopendeza.

Bondi ni ya serikali. Je, kuna haja ya kukadiria hasara ya kutolipwa?

Ipo, hata kama kiasi ni kidogo, kwa sababu IFRS 9 haiondoi bondi za serikali katika sharti hilo. Hisa ndizo zisizohusika. Katika mfano tuliliacha kando ili namba zisiwe nyingi, lakini tuseme makadirio ya mwaka wa kwanza yalikuwa 2,000. Gharama ya 2,000 ingeenda kwenye faida au hasara, na upande wa pili wa ingizo ungekuwa mapato mengineyo kamili, si bondi yenyewe, kwani bondi tayari imesimama kwa bei ya soko ya 960,000 na haipunguzwi tena. Akiba ingekuwa hasi 38,000 badala ya hasi 40,000, na siku ya mauzo kingehamishiwa kwenye faida 22,000 badala ya 20,000. Hizo 2,000 zinatoka mwaka mmoja na kurudi mwingine.

Kodi inaandikwa wapi?

Kodi hufuata kitu chake. Kodi inayotokana na ongezeko lililo kwenye mapato mengineyo kamili huandikwa humo humo, hata ikiwa ni kodi iliyoahirishwa tu, yaani ile itakayodaiwa baadaye. Kwa hisa za mfano huu, faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi imesamehewa kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Ndiyo maana mstari wa hisa hauna kodi. Hisa za kampuni isiyoorodheshwa zisingepata nafuu hiyo, na ongezeko lake lingebeba kodi iliyoahirishwa tangu mwaka wa kwanza.

Hesabu zetu zinafuata kile kiwango cha IFRS cha biashara ndogo na za kati. Tunaweza kutumia chaguo hili la hisa?

Hamwezi. Chini ya kiwango hicho hisa zenye bei ya soko hupimwa kwa thamani ya haki, na mabadiliko yote huenda kwenye faida au hasara. Kampuni ya Ahero ingeonyesha 10,000 za hisa ndani ya faida ya mwaka wa pili, na faida yake, kwa upande wa hisa pekee, ingekuwa kubwa kwa kiasi hicho. Kwa hiyo, kabla ya kuiga mfano huu, fungua maelezo ya sera za hesabu za mwaka jana usome sentensi ya kwanza, ile inayotaja ni kiwango kipi kampuni yako inafuata.